Nyanya Nyeusi Kwenye Picha

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ilipokuwa ikiwasaka wapiganaji wa msituni na hakuna aliyesafiri bila kibali, nilikuwa nikiandika ukurasa wa jikoni katika jarida dogo la Kiswahili lililochapishwa Ruiru, ingawa maishani mwangu sikuwa nimepika kitu zaidi ya chai. Mhariri alinipa ukurasa huo kwa sababu nilikuwa nimemaliza sekondari, na kwa sababu mama aliyeuanzisha alikuwa amehama. Wasomaji wetu walikuwa wapishi wa nyumba za wazungu, wake wa walimu na makarani, wenye hoteli ndogo, na wenye maduka. Hao wa mwisho ndio walionivimbisha kichwa. Nikisifu sabuni, ilisogezwa mbele ya rafu. Nikiikosoa, ilirudishwa nyuma karibu na mafuta ya taa.

Siku moja mhariri aliniambia nilinganishe sosi za nyanya za chupa. Duka kubwa la Mhindi mmoja kule Thika lilikuwa likiuza aina tatu. Ya kwanza ilitoka ng'ambo, na lebo yake ya buluu ilikuwa na picha ya meli. Ya pili ilitoka kiwandani, na lebo yake ilikuwa na kikapu. Ya tatu ilitengenezwa hapa hapa Ruiru na mama mmoja ambaye shamba lake lilishuka hadi mtoni. Lebo yake ilikuwa karatasi nyeupe yenye nyanya moja nyekundu katikati, iliyochapwa kwenye mashine yetu wenyewe.

Mama huyo nilimfahamu kwa sura. Mumewe alikuwa kizuizini, na watoto aliwalea peke yake. Kupika sosi alifundishwa katika chama cha wanawake, pamoja na jamu na kushona. Jambo moja kila mtu kijijini alilijua: chifu alimpa kibali cha kwenda Thika kwa sababu Mhindi alikuwa amethibitisha kwamba anachukua chupa zake. Siku ambayo Mhindi angeacha kuzichukua, kibali nacho kingekwisha. Na nyanya zikiiva zote kwa pamoja ndani ya kijiji kilichozungushiwa seng'enge na mtaro, nani wa kuzinunua? Kila jirani alikuwa na zake.

Niliyajua hayo kabla sijashika kalamu. Nayasema mapema ili msomaji asidhani nilikuwa gizani.

Nilipata kibali cha siku moja. Chupa za yule mama zilikuwa zimeuzwa zote kule dukani, kwa hiyo akanipa moja mpya niende nayo. Niliifunga kwa mpira kwenye kibebeo cha baiskeli, nyuma yangu, nikashika njia ya Thika. Barabara ilikuwa ya murram, changarawe nyekundu tupu, imechongeka kama ubao wa kufulia, na chupa ilicheza nyuma yangu safari nzima.

Kwenye kizuizi cha barabara askari mmoja aliufungua ule mpira.

"Hii ni nini?"

"Sosi ya nyanya, afande."

"Sosi!" Akawageukia wenzake. "Huyu anapelekea nani sosi huko msituni? Wanakula chipsi siku hizi?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Aliinua chupa juani, akaigeuza chini juu, akaitikisa kwa nguvu kama mtu anayetikisa debe asikie kama kuna risasi ndani. Akaitikisa tena. Mwishowe akanirudishia pamoja na kibali changu.

"Haya nenda, mpishi. Saa ya kurudi ikipita, tutakutia wewe ndani ya chupa."

Nilifika Thika saa zangu za kibali zikiwa zimepungua. Mwenye duka alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyependa kuniita bwana mwandishi mbele ya wateja. Alitoa chupa ya meli na chupa ya kikapu kutoka kwenye rafu, ambako zilikuwa zimesimama tangu zilipoletwa. Mimi nikaweka ya tatu kando yao, ikiwa bado na vumbi la barabara. Tukachukua sahani ya enameli, tukatia kijiko kimoja cha kila sosi upande wa juu, kisha tukaiinamisha sahani kwa kuweka kiberiti chini ya ukingo wake.

Sosi ya kikapu haikusogea hata kidogo. Ya meli iliteremka taratibu, kwa adabu. Ya mama wa Ruiru ilikimbia mpaka ukingoni.

"Arre!" mwenye duka alisema. "Hii mama yako nasaga nyanya ama nachota mto?"

Watu waliokuwa dukani waliangua kicheko, nami safari hii nikacheka nao.

Mpiga picha wa studio iliyokuwa ng'ambo ya barabara alikuja na kamera yake ya miguu mitatu. Alipiga picha ya chupa tatu zikiwa zimepangwa, lebo zikitazama mbele, halafu picha ya sahani. Nilitaka kuandika habari za rangi pale pale, lakini saa ilikuwa ikinifukuza na maneno ya yule askari yalikuwa bado masikioni. Nikajiambia kwamba rangi nitaitazama kwenye picha. Nilimwambia mpiga picha azitume kwa dereva wa lori la maziwa. Ile chupa niliyoileta niliiacha kwa mwenye duka, naye bila shaka aliila.

Picha zilifika. Siku hizo kwetu picha zilikuwa nyeusi na nyeupe tu. Nilizitandaza mezani chini ya dirisha, nikachukua kioo cha kukuzia. Sosi ya meli ilikuwa na kijivu cha kiasi. Ya kikapu ilikuwa hafifu zaidi, karibu na rangi ya majivu. Ya mama wa Ruiru ilikuwa nyeusi tititi, kuanzia shingoni hadi chini.

Nilikaa nikiitazama. Nilikumbuka, au nilidhani nakumbuka, kwamba dukani niliiona nyekundu. Lakini duka lile lilikuwa na giza, na macho yangu yote yalikuwa kwenye sahani na kwenye saa. Kumbukumbu yaweza kukosea, nikajiambia, ila picha haisemi uongo. Shuleni tulifundishwa kuamini kilichopimwa kuliko kilichodhaniwa, na mimi niliona picha kuwa kipimo. Hata nyanya iliyochapwa kwenye lebo yake ilitokea nyeusi. Badala ya kushtuka nikatabasamu. Nikadhani wino wetu umechakaa, na nikaona hapo nimepata utani wa kutia.

Niliandika hivi, na maneno haya nayajua kwa moyo hadi leo kama mtu anavyojua jina la mtoto aliyemfia: "Chupa ya meli ina rangi ya kupendeza na uzito wa wastani. Ya kikapu ni nzito kuliko zote, haimwagiki ovyo mezani. Ya tatu, yenye nyanya kwenye lebo, imepikwa hadi ikaungua. Rangi yake ni nyeusi kama lebo yenyewe ilivyokiri. Tena ni nyepesi kama mchuzi wa mgonjwa. Mwenye hoteli anayejiheshimu asiiweke mezani."

Mhariri alisoma, akapiga paja lake kwa furaha. "Mchuzi wa mgonjwa! Hii watairudia mpaka Murang'a."

Waliirudia. Jarida lilipotoka, karani wa posta aliniita kwa utani huo huo. Kwa siku chache nilikuwa mtu.

Halafu yule mama akaja ofisini.

Alikuja asubuhi, siku moja baada ya kurudi kutoka Thika, akitembea polepole, kikapu mgongoni na kamba yake kichwani. Alikitua sakafuni. Kilikuwa kimejaa chupa. Mhariri na mimi tulisimama, kwa sababu alikuwa rika la mama zetu.

"Karibu, mama. Keti," mhariri akasema.

"Nitaketi." Lakini alibaki amesimama. Alitoa chupa moja, akaiweka juu ya meza yangu, wima, na kando yake akaliweka jarida likiwa limekunjwa kwenye ukurasa wangu. "Huyu Mhindi amenirudishia zote. Anasema wateja wanamcheka. Anasema Jumamosi atajaza ile nafasi yangu na vitu vingine. Na chifu ameshasikia. Kibali changu ni cha mpaka Jumamosi."

Mhariri alikohoa. "Mama, jarida letu linasema tu kile ambacho…"

"Sijaongea na wewe, baba. Naongea na huyu." Akanigeukia. "Mwanangu, wewe unaona vizuri?"

"Naona, mama."

"Basi niambie. Hii ndani ya chupa ni rangi gani?"

Mwanga wa dirishani ulikuwa umeipiga ile chupa. Ilikuwa nyekundu. Haikuwa na wekundu wa rangi ya kutiwa. Ilikuwa nyekundu ya nyanya iliyoivia shambani na kupikwa kwa haraka bila kuachwa jikoni ikizubaa.

"Labda hii ni ya mpiko mwingine," nikasema.

"Ni ya mpiko ule ule. Sufuria moja."

Sikukubali kushindwa. Nilivuta droo nikatoa ile picha, nipate kumwonyesha kwamba sikubuni kitu. Niliilaza kando ya chupa na kumwekea kidole. "Tazama mwenyewe, mama. Picha hii…"

Kidole changu kilikuwa juu ya ile nyanya nyeusi ya lebo. Kando yake, upana wa mkono tu, lebo yenyewe ilikuwa imenikodolea macho, na nyanya yake ilikuwa nyekundu kama siku ilipotoka kwenye mashine yetu. Wino haukuwa umechakaa. Nikaitazama ile ya meli. Dukani lebo yake ilikuwa ya buluu iliyokolea, na kwenye picha ilikuwa karibu nyeupe. Kila kitu kilichokuwa chekundu kilikuwa kimegeuka cheusi, na jambo hilo lilikuwa mbele ya macho yangu tangu siku ya kwanza. Nililifanyia utani.

Baadaye mpiga picha aliniambia, akishangaa kwamba silijui, kuwa filamu yake ya bei nafuu haikuuona wekundu kabisa. Ndiyo sababu aliweza kuiosha katika chumba chenye taa nyekundu. Sosi iliyokuwa nyekundu kuliko zote ndiyo iliyotokea nyeusi kuliko zote. Nilikuwa nimeichapa bakora sosi kwa sababu ya uzuri wake.

"Picha hii imefanya nini?" mama akauliza.

"Mama, hii kamera…"

"Haya, tuache rangi. Wewe umesema ni maji. Mchuzi wa mgonjwa." Akanisogezea chupa. "Ifungue. Mimina."

Nilifungua. Niliigeuza chupa juu ya kisahani changu cha chai. Hakuna kilichotoka. Niligonga kitako chake kwa kiganja. Hakuna kilichotoka. Mpiga chapa alikuwa amesimamisha mashine yake akitutazama mlangoni, wino hadi kwenye viwiko.

"Mtie mgonjwa mdomoni tuone," akasema, na hakuna aliyecheka.

"Siku ile uliibeba vipi?" mama akauliza.

"Kwa baiskeli."

"Kwenye ile barabara? Na ulipofika ukaiacha itulie?"

Nilimwona akilini yule askari, mkono wake hewani, akitikisa. "Hapana. Tuliifungua hapo hapo."

"Haiya." Aliketi sasa, kama mtu aliyetua mzigo akakuta mwingine mzito zaidi unamngoja. "Sosi ikitikiswa inalegea, mwanangu. Kila mtu huitikisa ndipo itoke. Ukiiacha isimame inashikana tena. Zile nyingine zilikuwa zimelala kwenye rafu. Na ya kikapu inasimama kwa sababu ya unga, wameandika wenyewe chini ya lebo kwa herufi ndogo. Mimi situmii unga."

Herufi zile ndogo, katika picha yangu, zilikuwa mstari wa ukungu. Sikuwa nimejaribu kuzisoma.

Mhariri alijifuta uso. Akasema kwamba toleo lijalo tutasahihisha. Mama akatikisa kichwa.

"Toleo lijalo ni mwezi ujao. Mimi nina mpaka Jumamosi." Akanitazama mimi tu. "Sitaki kuandikiwa. Twende Thika na wewe, kesho au keshokutwa. Usimame pale dukani, mbele ya Mhindi na wale wanaocheka, useme kwa mdomo wako kwamba ulikosea. Yeye anakuamini. Ukisema, ataniachia nafasi yangu. Basi."

"Sina kibali, mama. Kile kilikuwa cha siku moja."

"Omba kingine."

"Vinachelewa."

Hapo ndipo nilipofanya kosa lililo langu peke yangu. La kamera naweza kuligawana na kamera. La barabara naweza kuligawana na askari. Hili sina wa kugawana naye. Karani wa vibali katika ofisi ya bwana shauri, mzungu aliyetawala wilaya yetu, alikuwa mwanafunzi mwenzangu. Tulilala bweni moja. Ningemwendea jioni ile, ningekuwa na karatasi asubuhi, na yule mama hakujua hilo ila mimi nililijua huku nikimtazama machoni. Nilichokiona akilini hakikuwa kizuizi wala askari. Nilimwona mwenye duka akiniambia arre, bwana mwandishi, na wateja wakigeuka. Niliona utani wangu ukinigeukia.

"Nitaomba," nikasema. "Nitakuja kikitoka."

Nadhani alielewa. Alibeba kikapu chake, kamba kichwani, akaondoka bila ile chupa. Ilibaki juu ya meza yangu.

Siku zilizofuata nilipeleka ombi kwa njia ya kawaida, kupitia kwa chifu, kama mtu mwaminifu. Kila asubuhi niliuliza kama limejibiwa, kwa sauti kubwa, mhariri asikie. Kila asubuhi ile chupa ilikuwa pale mezani. Nilijaribu kuihamishia kabatini, mhariri akairudisha. Ijumaa nilitoka ofisini mapema na kufika hadi kwenye uzio wa ofisi ya bwana shauri. Nilimwona mwenzangu dirishani akipiga mihuri. Alinipungia mkono. Nami nikampungia, nikageuka na kurudi.

Kibali changu kilitoka wiki iliyofuata. Nilikwenda Thika nacho. Mahali pa chupa zake palikuwa pamepangwa makopo ya maziwa. Nilimweleza mwenye duka yote, wakati hapakuwa na mteja, kwa sauti ya chini. Alisikiliza kwa heshima, hakunicheka hata kidogo. Niliona basi kwamba kile nilichokiogopa hakikuwepo.

"Bwana mwandishi," akasema, "kama wewe nakuja siku sita nyuma, hii mimi nasikia. Sasa maziwa nakwisha nunua."

Nilimwomba. Akasema atafikiri. Lakini chifu alikuwa amekwisha kuchukua kibali cha mama, na bila kibali hata angefikiri mwaka mzima chupa zisingemfikia. Msimu ule nyanya zake ziliiva vizuri sana. Wapita njia walizisikia harufu tangu barabarani, zikioza.

Katika toleo lililofuata niliandika masahihisho, aya moja chini ya mapishi ya maandazi. Nilieleza kwamba filamu haikuonyesha rangi inavyostahili na kwamba safari iliathiri uzito wa sosi. Niliyaona maneno mazuri. Nilimpelekea nakala mwenyewe, nikamkuta akipalilia. Aliisoma akiwa ameegemea jembe.

"Umeiombea radhi kamera," akasema. "Na barabara umeiombea. Asante." Akanirudishia.

Sikuandika tena ukurasa ule. Nilijifanya nimepewa kazi kubwa zaidi.

Miaka ilipita, vizuizi viliondolewa, mumewe akarudi. Mtoto wake mmoja alipooa, kijiji kizima kilialikwa, na mimi pia. Alikuwa bado anapika sosi yake, ya nyumbani na ya jirani, haina lebo. Kwenye meza yetu aliileta chupa yeye mwenyewe na kuisimamisha mbele ya sahani yangu yenye viazi na nyama.

"Karibu, mwanangu. Hii imetulia tangu jana."

Hakuitikisa. Watu wa meza ile walijua habari zangu, au labda hawakujua. Ningeweza kuichukua na kuitikisa kama watu wote, ikatoka mara moja. Sikuweza. Niliifungua, nikaiinamisha juu ya chakula, nikangoja. Mazungumzo yalififia upande wangu wa meza. Mkono ulianza kuchoka. Mama alisimama nyuma ya kiti changu, nikimsikia akipumua, naye akingoja. Nyekundu ile ilifika shingoni mwa chupa ikasimama, kana kwamba nayo ilikuwa ikifikiri.

"Mama," nikasema bila kugeuka, watu wakisikia, "kuna mtu pale kwa bwana shauri, wiki ile, angenipa kibali kwa siku moja. Nilikuwa namjua. Sikumwendea."

Sosi iliteremka kidogo.

"Nilimwona," akasema. "Ijumaa ile nilikuwa kwenye foleni pale uani, nikiomba waniongezee siku. Nilikuona ukimpungia."

Kisha akaweka kiganja chake juu ya kitako cha chupa, akakigonga mara moja, na sosi ikatoka yote, ikafunika nyama, viazi na ukingo wa sahani.

"Kula," akasema, na akaenda meza nyingine.